Mkataba wa Arusha au wa Nairobi: ukipunguzwa kazi, upi utakulinda zaidi?

Mpwa wangu aliletewa barua mbili za ajira kutoka kampuni moja ya usafirishaji yenye ofisi pande zote mbili za Namanga. Ya kwanza ilikuwa ya usimamizi wa stoo Arusha, mshahara wa msingi shilingi 780,000 za Tanzania. Ya pili ni kazi ileile Nairobi, kwa shilingi 39,000 za Kenya. Alikuwa ameshalinganisha kodi ya nyumba, nauli na bei ya unga. Alipokuja kwangu nilimwuliza kama amesoma kifungu kinachohusu kupunguzwa kazi. "Mjomba, hata sijaanza kazi, nisome habari za kuondoka?"

Nimefanya kazi za utumishi kwa miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vya kupunguza wafanyakazi, mara upande wa mwajiri, mara nikiwasaidia wanaoondoka. Kila mara niliona watu wakisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza siku ambayo hawawezi tena kukibadilisha. Siku ya kukibadilisha ni hii ya kabla ya sahihi. Kwa hiyo tulikaa na zile barua mbili, na haya ndiyo tuliyolinganisha.

Kiinua mgongo: siku 7 dhidi ya siku 15

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 42 kinasema mwajiri anayemwachisha mtu kazi atamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili alioutumikia mfululizo, na hesabu hiyo inaishia miaka 10. Lazima uwe umetimiza miezi 12. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

Kenya inaongozwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu cha kupunguza wafanyakazi ni cha 40. Hicho kinataka malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na hakijaweka ukomo wa miaka. Ukitumikia miaka 20, yote 20 inahesabiwa.

Ili tusivurugwe na thamani ya fedha mbili tofauti, nilimwandikia mpwa wangu siku tupu:

| Miaka kamili | Tanzania | Kenya |
|---|---|---|
| 4 | siku 28 | siku 60 |
| 10 | siku 70 | siku 150 |
| 12 | siku 70 | siku 180 |
| 20 | siku 70 | siku 300 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Upande wa Tanzania, baada ya mwaka wa 10 unaendelea kufanya kazi lakini kiinua mgongo chako kimesimama palepale. Na neno "kamili" lina uzito pande zote mbili. Mtu wa miaka 12 na miezi 8 anahesabiwa 12, na mtu wa miezi 11 hana kitu. Ndiyo maana tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye mkataba iwe ile uliyoanza kweli. Usikubali iwe tarehe ya kumaliza majaribio.

Hapa niondoe mkanganyiko unaowapoteza wengi. Kiinua mgongo hiki si michango yako ya NSSF. Kwa upande wa Kenya kuna pia malipo ya utumishi chini ya kifungu cha 35, na aliye mwanachama wa NSSF hayapati hayo. Waajiri wengine huchukua kanuni hiyo wakaipachika kwenye kifungu cha 40, wakamwambia mfanyakazi, "Wewe una NSSF, hustahili siku 15." Si kweli. Siku 15 za kupunguzwa kazi zinasimama peke yake.

Siku moja ni shilingi ngapi?

Hili ndilo swali ambalo mikataba mingi hailijibu, nalo ndilo linalozaa ugomvi. Sheria inakupa siku, lakini mshahara wako ni wa mwezi. Lazima ugawanye, na kigawanyo kinaamua.

Sheria ya Tanzania imeweka jedwali lake mwishoni. Unachukua mshahara wa msingi wa mwezi, unaugawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha unaugawa kwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Mpwa wangu angefanya siku 6. Basi 780,000 ÷ 4.333 ni kama 180,000, na ukigawa kwa 6 unapata kama 30,000 kwa siku. Anayefanya siku 5 kwa mshahara huohuo angepata kama 36,000 kwa siku.

Lakini barua ya Arusha iliandika kwamba "siku moja itahesabiwa kwa kugawa mshahara kwa 30". Hapo siku inakuwa 26,000. Chukua mtu aliyefikisha ule ukomo wa siku 70. Kwa jedwali la sheria anapata 2,100,000, na kwa njia ya barua ile anapata 1,820,000. Tofauti ni shilingi 280,000, imefichwa ndani ya tarakimu moja. Sikuona dalili kwamba aliyeiandika alikuwa na hila. Ni mazoea ya ofisi nyingi za uhasibu. Lakini mkataba hauruhusiwi kukupa chini ya sheria, kwa hiyo ni haki kuomba mstari huo urekebishwe.

Kenya jambo hili lina utata zaidi. Zipo hukumu zilizogawa kwa 30 na zipo zilizogawa kwa 26. Kwa mshahara wa 39,000, siku inakuwa 1,300 au 1,500. Mtu wa miaka 12 ana siku 180, yaani shilingi 234,000 kwa kigawanyo cha kwanza na 270,000 kwa cha pili. Kwa sababu mahakama zenyewe hazijaenda njia moja, Nairobi ndiko unakohitaji zaidi kigawanyo kiandikwe waziwazi kwenye mkataba.

Angalia pia neno "mshahara wa msingi". Barua zote mbili zilikuwa na posho ya nyumba na ya usafiri. Tanzania inahesabu kwa mshahara wa msingi tu, kwa hiyo kampuni inayokupa msingi mdogo na posho nono inakupunguzia kiinua mgongo tangu siku ya kwanza. Wa 780,000 ya msingi na posho 120,000 yuko salama kuliko wa 500,000 ya msingi na posho 400,000, ijapokuwa mwisho wa mwezi wanapokea sawa.

Notisi

Kwa anayelipwa kwa mwezi, Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 chini ya kifungu cha 41, au malipo badala yake. Mkataba unaweza kuongeza muda, ila uwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiomba miezi 3, ujue nawe utabanwa na miezi 3 utakapotaka kuhama. Na notisi haitolewi ukiwa likizo wala haikimbizwi sambamba na likizo yako. Hili huvunjwa mara nyingi. Mtu anaambiwa, "Chukua likizo yako ya siku 28, ndiyo notisi yako." Hapana. Likizo ni deni lake na notisi ni deni jingine.

Kenya ina ngazi mbili, na hapo ndipo waajiri wengi hujikwaa. Ngazi ya kwanza ni taarifa ya nia. Angalau mwezi mmoja kabla, mwajiri anakiandikia chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wa eneo hilo, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Kama wewe si mwanachama, barua inakuja kwako binafsi, na afisa wa leba anapewa yake. Ngazi ya pili ni notisi ya kuachishwa yenyewe, mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa anga, ilieleza kwamba ile taarifa ya kwanza ni ya nia tu. Kwa hiyo barua moja inayosema "kwa sababu ya hali ya biashara, ajira yako inaisha leo, utalipwa mwezi mmoja" imeruka ngazi nzima. Ukiipokea, swali lako la kwanza liwe afisa wa leba aliandikiwa lini.

Mashauriano

Upande huu Tanzania iko mbele, kwa maandishi ya sheria yenyewe. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu, atoe maelezo yote yanayohitajika ili mazungumzo yawe ya maana, kisha ashauriane kuhusu mambo yaliyotajwa: sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua nani aondoke, wakati, na malipo. Anashauriana na chama kinachotambuliwa kazini, na wasio na chama anashauriana nao wenyewe. Msipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Mwajiri hawezi kusema tu, "Tumejadiliana, hamkukubali, basi tunaendelea."

Sheria ya Kenya haina neno mashauriano ndani ya kifungu cha 40. Ina vigezo vya kuchagua: urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na kuaminika kwa kila mfanyakazi wa kundi husika. Wajibu wa kushauriana umejengwa na mahakama, katika ile kesi ya Kenya Airways na tena mwaka 2021 katika kesi ya Cargill Kenya, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema wajibu huo umo ndani ya kifungu hata kama haukuandikwa. Kwa hiyo haki ipo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Arusha unamwonyesha mwajiri kifungu na Nairobi unamwonyesha hukumu, na mwajiri mdogo asiye na wakili huelewa kifungu kwa haraka zaidi.

Mashauriano ya kweli utayajuaje? Mimi huangalia tarehe kwanza. Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja, sitaitaja kampuni, ambapo mwajiri aliita watu Jumatatu "kusikiliza maoni". Ijumaa wakapewa barua, na chini ya barua ilikuwepo tarehe ya kuchapwa: wiki moja kabla ya kikao. Orodha ya majina ilikuwa imeshafungwa. Dalili nyingine ni kikao kisicho na takwimu hata moja. Kama sababu ni hasara, onyesha hesabu. Kama ni mashine mpya, sema imeondoa kazi zipi. Na usikubali karatasi ya mahudhurio itumike kama makubaliano. Saini kwamba ulikuwepo, na andika kwa mkono wako "nimehudhuria tu". Saini ya makubaliano ni ushahidi mzito, na kuipindua baadaye ukidai hukuelewa ni kazi ngumu.

Mambo matatu yaliyobadilisha mizani

Hadi hapo mpwa wangu alikuwa ameinamia Nairobi. Siku 15 ni zaidi ya mara mbili ya 7, nani asingeinama? Lakini barua zilikuwa na mambo mengine.

La kwanza ni mahali alipoajiriwa. Usaili wake ulifanyika Mwanza na barua aliipokea Mwanza, ila mkataba wa Arusha uliandika "mahali pa kuajiriwa: Arusha". Inaonekana ni kitu kidogo. Kifungu cha 43 cha sheria ya Tanzania kinasema anayeachishwa mahali tofauti na alipoajiriwa asafirishwe yeye na mizigo yake hadi huko, au alipwe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku kuanzia siku ya kuachishwa hadi siku ya kusafirishwa. Kanuni za mwaka 2017 zimeifunga posho hiyo na mshahara wa msingi wa siku. Tuseme ameachishwa baada ya miaka 4. Kiinua mgongo chake ni siku 28 mara 30,000, yaani 840,000. Kama kampuni itachelewesha nauli yake ya Mwanza kwa siku 40, posho ya kujikimu peke yake inafika 1,200,000, zaidi ya kiinua mgongo chote. Haki hiyo ingeyeyuka kwa neno moja, "Arusha", badala ya "Mwanza". Kifungu cha 40 cha Kenya hakina kitu kama hicho.

La pili ni kazi mbadala. Tanzania, ukipunguzwa kazi kisha ukakataa bila sababu ya msingi kazi nyingine uliyopewa na mwajiri huyo au mwingine, kiinua mgongo kinapotea. Mkataba wa Arusha ulikuwa na maneno "mfanyakazi atakubali kuhamishwa kituo chochote". Ukiunganisha mawili hayo, mwajiri anaweza kukupa nafasi ya mbali na familia, ukakataa, akakwambia umejinyima mwenyewe. Sheria imesema "bila sababu ya msingi", kwa hiyo unaweza kujitetea, lakini afadhali mkataba useme kazi mbadala ni ile yenye mshahara usiopungua na ndani ya mkoa uleule.

La tatu ndilo zito. Mkataba wa Arusha ulikuwa wa kudumu. Wa Nairobi ulikuwa wa miaka 2 unaoweza kuhuishwa, kwa sababu mpwa wangu ni Mtanzania na kampuni ilitaka uende sambamba na kibali chake cha kazi. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake, umekwisha tu. Huko si kupunguzwa kazi, na zile siku 15 haziji. Mwajiri anayetaka kupunguza watu hahitaji taarifa ya afisa wa leba wala mashauriano kwa mtu huyo. Anasubiri tarehe ifike. Kwa hiyo ile safu ya Kenya kwenye jedwali langu, yenye siku 180 na 300, ni ya mtu mwenye mkataba usio na ukomo. Kwa mpwa wangu ilikuwa namba nzuri kwenye karatasi tu, labda kampuni impunguze katikati ya muda.

Muda wa kudai

Ukiona umeonewa, Tanzania unatakiwa kupeleka CMA mgogoro wa uhalali wa kuachishwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama kiinua mgongo kisicholipwa, yana siku 60. Siku 30 ni chache mno kwa mtu aliyechanganyikiwa, na nimeona wengi wakizimaliza wakiisubiri ofisi iliyowaahidi, "Tutakupigia." Kenya una miaka 3 kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapa Nairobi inashinda wazi.

Nilivyomshauri

Kama wewe ni Mkenya, au una mkataba wa kudumu Nairobi, na unafikiri utakaa zaidi ya miaka mitano, kwa upande wa malipo ya kupunguzwa chukua Nairobi na usisitize kigawanyo kiandikwe. Kama mkataba wa Nairobi ni wa muda na wa Arusha ni wa kudumu, ya Arusha ina ulinzi zaidi, mradi uirekebishe kabla ya kusaini.

Kuna jambo moja ambalo ningelitaka liandikwe kwenye mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Kampuni ya Arusha na ya Nairobi zina jina linalofanana, lakini kisheria ni waajiri wawili. Ukihamishwa kutoka moja kwenda nyingine baada ya miaka 6, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Sentensi moja inatosha: utumishi katika kampuni yoyote ya kundi hili utahesabiwa kuwa mfululizo.

Tuliandika barua pepe fupi kwa ofisi ya utumishi, bila maneno makali. Tuliomba mambo matano upande wa Arusha: mahali pa kuajiriwa pasomeke Mwanza, kigawanyo kifuate jedwali la sheria, kazi mbadala ielezwe, utumishi uwe mfululizo, na kiinua mgongo kiwe siku 14 bila ukomo wa miaka 10. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Manne ya kwanza walikubali. La tano walikataa siku 14, wakasema sera yao ni siku 7 kwa wote na kwamba wanaotaka zaidi wajadiliane kupitia mkataba wa hali bora wa chama, lakini ukomo wa miaka 10 waliuondoa.

Mpwa wangu alisaini ya Arusha. Wiki ya kwanza kazini alinipigia akaniuliza katibu wa tawi la chama anapatikana jengo gani.